Galoni Sita za Ziada

Trekta ya Mossie Culloty ilikuwa imeshapita kona ya kanisa, mikebe mitano ya maziwa ikigongana kwenye tela, wakati Nonie Scannell alipoinua uso kwenye dirisha la ofisi ya kiwanda cha maziwa. Haikupunguza mwendo. Ilifika mbele ya lango la kiwanda, lango ambalo Mossie na baba yake kabla yake walilipita kila asubuhi kwa miaka arobaini na mitatu, ikaliacha, ikashika barabara ya kilimani.

Watu kwenye foleni, wengine juu ya matrekta, wawili watatu na mikokoteni ya punda, waligeuza shingo pamoja kama mabata.

"Anakwenda ng'ambo ya kilima!" mmoja alisema.

"Mossie! Tangi la kule lina kina, bwana! Angalia usizame!"

"Usimkemee. Mwache apande polepole, maji hayapendi kupanda mlima."

Wakacheka. Mossie hakugeuka. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani, na hilo Nonie aliliona, na lilimuuma kuliko yale maneno. Mtu havai koti la kanisani kupeleka maziwa.

Katika parokia ile ya kaskazini mwa Kerry mtu aliweza kubadili gari, kubadili chama cha siasa kwa siri, hata kubadili mke kama angeweza kufika Uingereza. Kiwanda cha maziwa hakibadiliki. Kwenda kwenye kiwanda cha jirani, kile cha ng'ambo ya kilima, ilikuwa kama kuhamisha kaburi la mama yako. Nonie alikuwa karani wa vitabu pale tangu msichana, na sasa ana miaka hamsini na sita, hajapata kuona mwanachama akifanya hivyo kwa mikebe iliyojaa, mchana kweupe.

Aliijua sababu, maana aliiandika kwa mkono wake mwenyewe.

Tarehe kumi na mbili mwezi wa tano, siku ya maziko ya Tadhg Deenihan, jirani wa Mossie, meneja Tangney alichota maziwa kwenye tangi la mizani akatia kile kipimo cha kioo kinachoelea. Maziwa safi hukisimamisha kwenye thelathini. Siku ile kilizama mpaka kikawa chini kidogo ya ishirini na nane. Hiyo ni dalili ya maji. Tangney akauliza maziwa ni ya nani, akaambiwa ni ya Mossie Culloty. Kanuni ya kiwanda haikuwa na mlango wa nyuma: maziwa yenye maji hukatwa peni tano kwa kila galoni, na si kwa siku ile tu, kwa nusu mwezi nzima. Mossie aliitwa mbele ya kamati. Alisimama, kofia mkononi, akasema, "Hakuna tone la maji lililoingia kwenye mkebe wa maziwa kwa mkono wangu, na likiingia mkono huu na ukatike." Wanakamati wakatazama viatu vyao. Kisha wakapitisha makato.

Hundi za mwezi zilitoka jana. Leo ndiyo hii, Mossie anapanda kilima.

Nonie alikuwa binamu yake. Mama zao walikuwa ndugu, na yeye na Mossie walikula viazi kwenye sufuria moja walipokuwa wadogo. Alivuta leja akaifungua, si kwa sababu alitarajia kitu, ila kwa sababu mikono ya karani ikikosa la kufanya huenda kwenye leja, kama ya mwingine inavyokwenda kwenye rozari.

Alianza na kiasi. Culloty, namba ishirini na saba, tarehe moja hadi kumi na tano: galoni mia saba na ishirini. Kila siku arobaini na saba, arobaini na nane, arobaini na tisa. Akaja kwenye mafuta. Kila asubuhi mtu wa jukwaani, pale maziwa yanapopokelewa, huchota kijiko kidogo cha maziwa ya kila mfugaji, akakitia kwenye chupa ya mfugaji huyo, na chupa ile hupimwa mara moja nusu mwezi ikiisha. Chupa ya ishirini na saba: tatu nukta saba. Bei ya msingi ilikuwa peni ishirini na tano kwa maziwa yenye mafuta tatu nukta tano, na kila sehemu ya kumi juu ya hapo inaongeza nusu peni. Kwa hiyo peni ishirini na sita. Mia saba na ishirini kwa ishirini na sita: pauni mia na themanini na saba na peni ishirini. Toa makato ya maji, pauni thelathini na sita. Sehemu hiyo ya hundi: mia na hamsini na moja na peni ishirini. Kila kitu kilikubaliana na mwenzake. Ungeweza kukipeleka mbele ya askofu.

Ndipo alipokwama. Tatu nukta saba. Mwezi wa nne ilikuwa tatu nukta saba. Mwaka jana wakati huu, tatu nukta saba. Mtu akitia maji kwenye maziwa siku kumi na tano, mafuta hushuka. Ya Mossie hayakushuka hata unywele. Basi kama kuna maji, yaliingia siku moja tu. Na ni mwizi gani huyo anayeiba siku moja, tena siku ya kumbeba jirani yake kaburini?

Akarudi tarehe kumi na mbili. Culloty, arobaini na nane. Mstari wa chini yake, Deenihan, namba ishirini na nane: galoni ishirini na nane.

Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Deenihan, ng'ombe tisa. Siku zote ishirini na mbili, mara moja moja ishirini na moja au na tatu. Siku ya maziko, ishirini na nane. Ng'ombe akikamuliwa na mikono asiyoijua hubana maziwa, kila mtu anajua hivyo. Tadhg amelala sebuleni ndani ya jeneza, majirani ndio wanaokamua, na ng'ombe wake waongeze galoni sita?

Na ile karatasi ya jukwaani, aliyoinakili yeye mwenyewe, haikuwa na namba mbili. Ilikuwa na moja. Sabini na sita, Culloty. Jioni ile Jackie wa jukwaani alipita dirishani akasema, "Nonie, pale kwa Mossie toa ishirini na nane umpe Eily, mjane wa Tadhg, Mossie abaki na arobaini na nane zake za kawaida. Mossie alileta mikebe yote." Naye akatoa. Sabini na sita ilibaki sabini na sita, jumla ya siku ikalingana na tangi kubwa, naye akafunga leja akaenda nyumbani kupika.

Jackie Fealy alikuwa anaosha jukwaa kwa mpira wa maji. Nonie alisimama mpaka akaufunga.

"Jackie, siku ya maziko ya Tadhg, ulimwaga ya Mossie na ya Eily pamoja kwenye mizani?"

"Nani kasema?"

"Leja."

Jackie alitazama mlango wa meneja. Alikuwa mtu wa watoto saba. "Nonie, mama, watu walikuwa wamesimama hapa na tai nyeusi wanataka kwenda kanisani. Mossie alishusha mikebe minane akakimbia, yeye ni mmoja wa wabebaji wa jeneza. Nikamwaga yote, nikapima mara moja. Minane ni minane. Nani angeumia?"

"Na kijiko?"

"Kijiko gani?"

"Cha chupa, Jackie. Ulitia chupa ya nani?"

"Ya Mossie." Akameza mate. "Ya Eily siku ile haikupata kitu."

"Na Tangney alipochota akauliza ya nani?"

"Nikasema ya Mossie. Mossie ndiye aliyeandikwa! Sikujua anapima nini. Nilipojua, ilikuwa imeshafika kamati. Ukichanganya maziwa ya watu wawili unafukuzwa siku hiyohiyo, wewe unajua. Ningewalisha nini hao saba, nyasi?"

"Ungeninong'oneza."

"Na wewe uligawa hiyo sabini na sita bila kuuliza," alisema Jackie, bila ukali. "Tusisutane."

Nalo lilikuwa kweli.

Saa ya mapumziko Nonie alipanda baiskeli hadi kwa Eily Deenihan. Alimkuta mjane uani, mikono ndani ya beseni. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, na tangu msiba alikuwa amepungua zaidi, aproni imemzunguka mara mbili.

"Karibu, Nonie. Chai iko jikoni, imekuwa nyeusi kama dhambi, lakini iko."

"Sikai, Eily. Nataka kukuuliza jambo dogo la vitabu. Usiku wa mkesha, mikebe yako nani aliiosha?"

Eily alicheka kidogo, kicheko cha kwanza labda kwa wiki tatu. "Aliiosha! Hakuna aliyeosha kitu. Nyumba imejaa watu, shangazi watatu wanagombania birika. Mimi mwenyewe nilitoka alasiri nikaona mikebe mitatu pale ukutani, ndani imeanza kukauka. Maziwa yakikauka kwenye bati unasugua mpaka kucha zing'oke. Nikatia maji baridi kila mmoja, kiasi, nikarudishia mifuniko, nikasema nitaisugua baadaye. Baadaye yenyewe ilikuwa wapi! Mossie akaja kukamua, Mungu ambariki. Nadhani aliiosha yeye, maana asubuhi ilikuwa imejaa."

"Ulitia maji kiasi gani?"

"Galoni mbili hivi kila mmoja. Kwani vipi?"

Galoni mbili mara tatu. Nonie aliona jambo lote kana kwamba alikuwepo. Giza linaingia, Mossie anakuja na ndoo kutoka zizini, anafunua mkebe, anaweka chujio mdomoni mwake. Chujio likishakaa huoni ndani. Anamimina. Mikebe ya kwake huikuta imesafishwa na kukaushwa, haikumjia akilini kwamba ya mtu mwingine ingekuwa na kitu.

"Si kitu," alisema. "Hesabu tu."

"Mossie wanamsema nini huko? Nimesikia neno kanisani. Hapiti tena hapa."

"Watu wana midomo, Eily. Kunywa chai yako."

Bwana Tangney alikuwa anakula mkate na nyama ya nguruwe juu ya gazeti. Alikuwa mtu mkavu, si mbaya, aliyeamini kipimo cha kioo kwa sababu kipimo hakina ndugu wala rafiki. Alimsikiliza Nonie mpaka mwisho, akafuata kidole chake kwenye mistari, akarudia hesabu kichwani. Kisha akapangusa mdomo.

"Ni sawasawa," alisema. "Uko sahihi, Bi Scannell. Hayakuwa maziwa ya Culloty."

Nonie alianza kufunga leja.

"Yalikuwa ya Deenihan," aliendelea Tangney. "Basi tunamrudishia Culloty pauni thelathini na sita, na makato yanahamia namba ishirini na nane. Nusu mwezi ya Deenihan ni galoni ngapi?"

Nonie alijua bila kutazama. "Mia tatu na thelathini na sita."

"Kwa peni tano, pauni kumi na sita na peni themanini. Na jina litasomwa kwenye kamati Alhamisi, kama lilivyosomwa la yule."

"Bwana Tangney! Alikuwa anamzika mume wake. Ni maji ya kuloweka mikebe."

"Ndivyo kila mtu husema, kwamba ni maji ya kuosha. Nikimsamehe huyu kwa sababu ya jeneza, kesho nitamsamehe yule kwa sababu ya jino. Maji yalikuwemo. Lazima yawe ya mtu."

"Na aliyechanganya jukwaani?"

"Huyo ataondoka. Na aliyegawa namba bila kupima tutamwandikia barua ya onyo." Alimtazama, na kwa mara ya kwanza sauti yake ililegea. "Nililoandika mimi nililiandika kwa nililoambiwa. Lete marekebisho yakiwa na sahihi yako kabla ya saa kumi, nami nitatia yangu. Usipoleta, leja inalingana kama ilivyo. Mkaguzi hatauliza."

Nonie alitoka na leja kifuani. Hakurudi mezani kwake.

Alimkuta Mossie nyumbani kwake, uani. Mikebe mitano ilikuwa bado juu ya tela, mmoja mtupu, mingine imejaa. Nguruwe wawili walikuwa kwenye hori, pua zimeloa nyeupe, na hori bado limejaa nusu.

"Hawakuyachukua," alisema Nonie.

"Waliniuliza barua ya ruhusa kutoka kwa Tangney. Meneja mzima wa kule, bwana, ananiuliza barua kama kijakazi anayehama nyumba. Yule ana umri wa soksi zangu." Alikuwa amelivua lile koti, limetundikwa kwenye usukani. "Umekuja kuniangalia, Nonie, au umekuja kunywa maziwa? Yako ya kutosha. Hayana maji wanayoyasema, onja uone."

"Mossie, nimepata. Si wewe."

Alimweleza yote, akiwa amesimama, leja imefunguliwa juu ya mkebe. Sabini na sita, arobaini na nane, ishirini na nane. Kijiko. Maji ya Eily. Chujio. Mossie alisikiliza akiutazama mkono wake wa kulia.

"Kwa hiyo nilitia mimi," alisema mwishoni.

"Hukujua."

"Nilisimama mbele yao nikauapia mkono huu. Na kumbe ni mkono huuhuu." Akacheka, kicheko kibaya. "Laiti wangekuwa na shoka, tungemaliza siku ileile."

"Acha upuuzi. Nina mpaka saa kumi. Nikitia sahihi, jina lako linasafishwa, unarudishiwa pauni thelathini na sita, kesho unaingia langoni kama zamani."

"Na maji yanakwenda kwa nani?"

Nonie alilitazama hori. Nguruwe mmoja alimsukuma mwenzake.

"Kwa Eily," alisema Nonie.

"Na Jackie?"

"Anaondoka."

Mossie alichukua kofia yake, akaipiga gotini, akaivaa. "Kesho siingii langoni, Nonie. Dalali wa ng'ombe alikuwa hapa kabla yako. Alinikuta njiani na mikebe imejaa, akanusa, wale jamaa wananusa kama mbwa. Tumepigana viganja, biashara imekwisha. Ng'ombe wote kumi na sita, analeta lori Jumamosi."

"Kwa bei gani?"

"Ya aibu. Mwaka huu ng'ombe hana bei, na mwenye haraka hana kabisa."

"Mrudie! Mwambie kumetokea kosa!"

"Nimeshampa kiganja," alisema Mossie polepole, kama anayemweleza mgeni. "Wameshasema natia maji. Unataka waseme na neno langu ni maji?"

Nonie alikaa kwenye ukingo wa tela. Alisema, bila kumtazama, "Kama ningeuliza jioni ile. Neno moja tu. Jackie, uliyapima mbalimbali?"

"Ungeuliza, angedanganya."

"Labda."

"Nisikilize. Ng'ombe wameondoka. Jina langu likisafishwa leo litasafisha nini, zizi tupu? Yule mama ana ng'ombe tisa na kaburi ambalo halijaota nyasi. Wakisoma jina lake Alhamisi, atafanyaje, atakwenda ng'ambo ya kilima na punda? Acha kitabu kilivyo."

"Kitabu ni cha uongo, Mossie."

"Kinalingana?"

"Kinalingana."

"Basi kimetosha." Alitazama saa ya mfukoni, kisha akafunga leja kwa kiganja, akampa. "Nenda, utachelewa. Na kama unapita kwa Eily, mwambie nina shughuli, ndiyo maana sijapita. Usimwambie shughuli gani."

Saa kumi ilipopiga Nonie alikuwa mezani kwake. Tangney alifungua mlango wake, akasimama, akangoja. Nonie alikuwa anaandika ya siku ile. Galoni za foleni ya asubuhi, mfugaji mmoja baada ya mwingine, na kwenye namba ishirini na saba aliweka sifuri. Tangney alifunga mlango.

Lori lilikuja Jumamosi na kuchukua ng'ombe kumi na sita. Mossie alifunga nyumba mwezi wa tisa, akaenda Coventry alikokuwa kaka yake, akafanya kazi ya ulinzi kwenye ghala la matairi. Alirudi mara moja, kwa maziko ya mama yake Nonie, akalala nyumba ya wageni. Aliugua mapafu akafa huko mwaka wa sabini na tisa, akazikwa huko. Parokiani walimwita Mossie wa Maji mpaka mwisho, na waliomwita hivyo wengi walimpenda.

Eily Deenihan alikamua ng'ombe wake tisa miaka minane zaidi, kisha mguu ukamshinda akahamia kwa dada yake Tralee. Hakuna aliyemwambia kitu. Jackie Fealy alibaki jukwaani mpaka jukwaa lenyewe lilipovunjwa, magari ya tangi yalipoanza kupita mashambani kufyonza maziwa. Watoto wake watano wako Boston. Tangney alihamishiwa kiwanda kikubwa akapandishwa cheo, na huko, wanasema, hakuwahi kukosea hata peni. Nonie Scannell alistaafu mwaka kiwanda kilipofungwa. Alipewa saa ya ukutani na keki. Kwenye jengo lake sasa wanauza vyakula vya mifugo, na nyumba ya Mossie imeanguka paa.